Pazia na shuka za chumba cha kulala: rangi gani nichukue ili nilale vizuri?

Kila wiki nikikaa kwenye cherehani lazima aje mtu na swali lile lile, "fundi, nataka chumba kiwe giza, nichukue pazia jeusi au bluu iliyokolea?" na mwingine anauliza eti ni kweli shuka nyeupe zinaleta usingizi kama za hotelini. Nimejibu mpaka mdomo umekauka, kwa hiyo leo naandika yote sehemu moja, ukienda Kariakoo au soko lolote la kwenu uende unajua unachotafuta, usiburuzwe na muuzaji.

Kwanza hili, maana ndilo linalowapoteza wengi: giza na rangi ni kazi mbili tofauti. Giza linaletwa na bitana, yaani kile kitambaa cha nyuma kinachotazama dirisha, pamoja na namna pazia lilivyofungwa ukutani. Rangi inakuhusu muda mfupi tu kabla hujazima taa, halafu asubuhi unapofungua macho. Usiku wa manane shuka lako liwe pinki au la kijivu hulioni, sasa litakulazaje? Nadharia yangu inaishia hapa: macho ndiyo yanauambia mwili kwamba ni usiku au mchana, na mwanga mweupe wenye ubluubluu ndio unaousumbua mwili zaidi, hata kope zikiwa zimefumbwa mwanga kiasi unapita. Basi, tuendelee na kazi.

Mfano tutakaoutumia

Nitatumia chumba kimoja cha Tabata nilichokishonea, maana kilikuwa na kila tatizo. Dirisha linatazama mashariki, upana sentimita 150, kimo sentimita 120, na kutoka sakafuni mpaka chini ya dirisha ni sentimita 90. Jirani ana taa nyeupe ya ulinzi inawaka usiku kucha, imeelekea kwao lakini nusu ya mwanga unaangukia kwa mteja wangu. Dada wa watu alikuwa keshanunua pazia la satini rangi ya damu ya mzee, linang'aa kweli, zuri kwa macho, halina bitana. Alinisimulia asubuhi ya kwanza aliamka akamkuta mtoto uso mwekundu, akaanza kutafuta kipimajoto. Mtoto mzima wa afya! Jua lilikuwa linapita kwenye pazia na kupaka chumba chote wekundu, kuta, neti, mtoto na kila kitu. Hicho ndicho kitambaa kisicho na bitana kinachofanya, hakizuii mwanga, kinaupaka rangi tu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Tepu meja, ya chuma ndiyo nzuri, ile ya fundi nguo inavutika na kukudanganya
- Simu yenye tochi
- Penseli na karatasi
- Shuka moja jeupe la zamani
- Pini chache
- Hela ya kununua nusu mita ya kila kitambaa unachokifikiria, visizidi vitatu
- Siku moja nzima ya kutazama, kuanzia alfajiri mpaka usiku. Watu hawaipendi hii ila bila hiyo unabahatisha

Hatua ya 1: Kajue mwanga wako unatokea wapi

Usiku, kama saa 5 hivi, zima taa zote za ndani, funga mlango, lala kitandani upande unaolalia na usiguse simu kwa dakika 10. Macho yakishazoea giza utaanza kuona vitu ambavyo hukuvijua: mstari juu ya pazia unaomulika dari, mwanga unaopita chini ya mlango, kile kitaa cha chaja kinachowaka kijani. Andika vyote. Kama mwanga mwingi unatoka mlangoni, ndugu yangu pazia halitakusaidia, tafuta kitambaa ukiviringishe ukiweke chini ya mlango, umemaliza kazi bila hata kufika dukani.

Halafu jua dirisha linatazama wapi. Dar es Salaam jua linachomoza kati ya kama saa 11:50 alfajiri, hiyo ni mwezi wa 11, na kama saa 12:40 asubuhi mwezi wa 7, na likianza kupambazuka haichukui nusu saa jua limeshatoka. Kwa hiyo dirisha la mashariki linakupiga jua la macho kila siku mwaka mzima muda karibu ule ule. Dirisha la magharibi halikuamshi, shida yake ni joto la jioni, unaingia kulala ukuta bado una moto. Dirisha la kaskazini linapata jua zaidi mwezi wa 6 na wa 7, kusini ni mwezi wa 12 na wa 1, na hayo mawili kwa ujumla hayana ugomvi mkubwa.

Hatua ya 2: Pima, na upime zaidi ya dirisha

Kosa namba moja ninaloliona ni mtu kupima dirisha akanunua pazia saizi ya dirisha. Mwanga unapita pembeni kama maji. Bomba la pazia lizidi dirisha sentimita 20 kila upande na likae sentimita 15 juu yake angalau. Kwa chumba chetu cha Tabata bomba ni sentimita 190 (150 jumlisha 20 na 20), na linafungwa kimo cha sentimita 225 kutoka sakafuni. Pazia linashuka mpaka libaki sentimita 2 juu ya sakafu. Likigusa chini, kila ukideki linanyonya maji na upindo unaota madoa meusi, na sisi wa pwani tunajua unyevu ulivyo.

Sasa kitambaa. Pazia likinyooka kama ubao halipendezi na halizibi vizuri, linatakiwa liwe na upana mara mbili ya bomba ili litoe marinda. Mara mbili ya 190 ni 380, ongeza sentimita 20 za mapindo ya pembeni unapata mita 4. Hapo nimechukulia jora lenye upana wa sentimita 280, ambalo tunaligeuza ubavu, upana wake unakuwa urefu wa pazia. Ukitoa mapindo ya juu na ya chini bado inatosha na kipande kinabaki cha kutengeneza kamba za kufungia.

ANGALIA HAPA: vitambaa vingine vina upana wa sentimita 150 tu. Ukienda na akili ya "jirani alinunua mita 4 zikatosha" utalia. Kwa hicho cha 150 dirisha hili hili linataka vipande vitatu vyenye urefu wa mita 2 na nusu, yaani mita 7 na nusu. Kwa hiyo swali la kwanza dukani, kabla hata ya bei, ni jora lina upana gani. Na usikubali jibu la mdomo, toa tepu upime mwenyewe.

Hatua ya 3: Chagua bitana kabla ya rangi

Najua unataka kukimbilia rangi. Subiri kwanza.

Bitana za kuzuia mwanga, ambazo dukani utasikia zikiitwa blakauti, ziko za aina mbili. Kuna ile iliyopakwa kitu kama mpira upande mmoja, ukiishika inateleza na ina ugumu fulani, hiyo inazuia mwanga karibu wote. Nyingine imefumwa tu, katikati kuna nyuzi nyeusi ambazo huzioni mpaka uchane ukingo, ni laini, inaanguka vizuri, na inaacha mwanga kidogo sana upite. Ya kupakwa ni ya mtu anayelala mchana, mfano muuguzi au mlinzi wa zamu ya usiku. Wewe unayelala usiku na kuamka asubuhi kama watu wengine, ya kufumwa inakutosha kabisa, na nitakwambia kwa nini kwenye hatua ya 8.

Jinsi ya kujaribu: washa tochi ya simu, ibandike nyuma ya kitambaa, tazama mbele. Ukiona duara la mwanga wazi, hiyo sio bitana ya kuzuia mwanga hata kama imeandikwa hivyo. Ukiona kama kivuli chekundu kinachofifia, hiyo inafaa kwa kulala usiku. Usipoona kitu, hiyo ni giza totoro. Kwa ile ya kupakwa ongeza jaribio moja, ikunje kwa kuibana ngumi, iachie, kisha iangalie tena kwenye tochi. Ukiona vitundu kama nyota basi mpako umeanza kupasuka, miezi michache ya kukunja na kukunjua utakuwa na anga la usiku chumbani.

Rangi ya bitana upande unaotazama dirisha iwe nyeupe au krimu. Hapa wale wa "nipe pazia jeusi" ndipo wanapoumia. Kitambaa cheusi kikitazama kioo kinameza jua, kinapata moto, halafu moto wenyewe kinautoa ndani kwako. Weupe unarudisha sehemu kubwa ya jua nje. Kwa dirisha la magharibi hili sio la kujadili. Weka mkono wako kati ya pazia na kioo saa 11 jioni, kisha uweke upande wa chumba, utanielewa.

Onyo la bitana ya kupakwa: hairuhusu pasi ya moto upande wenye mpako, unayeyuka na kung'ang'ania pasi, na haitaki maji ya moto wala kukamuliwa. Kwa hiyo mwambie fundi asiishone moja kwa moja na pazia. Bitana iwe na utepe wake wa juu na pazia lake, halafu kulabu zile zile zinashika zote mbili. Ukitaka kufua pazia unaichomoa bitana unaiacha. Ukipenda mtindo wa matundu ya ringi, bitana itabidi ishonwe pamoja na pazia, na ujue yale matundu yenyewe yanapitisha mwanga juu. Mimi chumba cha kulala nashona ya kulabu, matundu ya ringi napeleka sebuleni.

Hatua ya 4: Sasa rangi ya pazia

Bitana ikishafanya kazi ya giza, uko huru. Pazia linaweza kuwa krimu na chumba kikawa giza vile vile. Watu wakisikia hivi huwa hawaamini mpaka nitoe tochi.

Unachotafuta ni rangi zilizopoa, yaani zile zinazoonekana kama zimechanganywa na maziwa au majivu kidogo: kijivu chenye joto, rangi ya mchanga, kijani cha majani makavu, samawati iliyofifia, rangi ya ugoro, pinki ya udongo. Nyekundu kali, chungwa, njano ya ndimu na zambarau inayong'aa, hizo chumba cha kulala zinachosha, jicho haliachi kuzitazama. Hiyo ni kwa uzoefu wangu na wateja wangu, kama wewe umelala miaka 10 na pazia jekundu na unakoroma vizuri, endelea, sina neno.

Mng'ao una uzito kuliko watu wanavyodhani. Satini inayong'aa inabeba kila mwanga unaopita, gari likigeuka nje unaona mstari unatembea kwenye pazia. Chagua kitambaa kisicho na mng'ao, kama kitani, pamba nzito, au poliesta yenye mwonekano wa kitani ambayo kwa kweli ndiyo wengi wetu tutaipata, na haina ubaya.

Halafu usichagulie dukani. Maduka mengi yana taa za tyubu nyeupe kali, krimu ukiiona pale imetulia, ukiifikisha nyumbani kwenye taa ya njano inakuwa kama siagi, na kijivu nacho kinageuka kuwa kijani au zambarau. Nunua nusu mita ya vile vitatu ulivyovipenda, vitundike kwa pini dirishani na vitazame mara tatu:

- Alfajiri ukiwa umelala, kabla hujawasha taa
- Mchana saa 7
- Usiku kwa taa ile ile unayoitumia kabla ya kulala

Ile ya alfajiri ndiyo muhimu na ndiyo watu wanairuka. Kwenye mwanga hafifu jicho letu linaanza kupoteza wekundu, damu ya mzee inaonekana nyeusi tii wakati samawati na kijani bado zinaonekana vizuri. Yule dada wa Tabata nilipomtundikia vipande vitatu, kile cha kahawia iliyokolea ndicho alichokipenda dukani. Alfajiri akaniambia kwa wasapu, "fundi hiki kinatisha, kama mtu amesimama dirishani." Tukachukua kijani cha majani makavu, ambacho dukani alikiita cha kizee.

Hatua ya 5: Shela

Shela, ile nyepesi inayobaki ukifungua pazia kubwa, ndiyo inayotengeneza asubuhi yako kuliko kitu kingine, maana mwanga wote unapita humo. Shela ya bluu itakupa chumba cha ubaridi na nyuso zilizopauka, ya njano kali itakupa chumba kama ndani ya yai. Chukua nyeupe iliyovunjwa au krimu, basi, haihitaji maneno mengi. Inataka bomba lake la pili nyuma ya lile la pazia, kwa hiyo ununue vishikilio vya mabomba mawili tangu mwanzo, kutoboa ukuta mara mbili ni kuharibu rangi ya watu.

Hatua ya 6: Shuka na foronya zifuate pazia

Wengi wanaanza na shuka kwa sababu zilikuwa zinauzwa vizuri njiani, halafu wanatafuta pazia la kufanana, na hawalipati. Anza na pazia, kwa sababu unalinunua mara moja kwa miaka, shuka utanunua tena na tena.

Kanuni ninayotumia mimi: shuka liwe jepesi kwa rangi kuliko pazia, na kama kuna maua au michoro iwe sehemu moja tu. Pazia lina michoro? Shuka liwe wazi. Unalipenda shuka la maua? Basi pazia liwe la rangi moja iliyochukuliwa ndani ya maua yale, na uchague ile rangi tulivu kuliko zote humo. Kule Tabata pazia kijani, mashuka krimu, foronya mbili krimu na mbili za kijani kilekile lakini kilichofifia zaidi, na blanketi la ugoro miguuni. Rangi tatu. Ukifika ya nne simama.

Na zile nyeupe za hotelini? Zinapendeza kwa sababu zinarudisha mwanga wa asubuhi na chumba kinakuwa na nuru, hilo ni kweli. Lakini hoteli ina mashine na maji safi. Kama unafulia maji ya kisima yenye chuma, shuka jeupe litaanza kugeuka njano ya kutu, na ukilitia jiki ndio unalimaliza, klorini inakigandisha kile chuma kwenye nyuzi na njano inazidi. Eneo la vumbi jekundu hali kadhalika. Mimi huwaambia wachukue krimu au kijivu chepesi, nuru unaipata na aibu inapungua.

Kitambaa cha shuka kinashinda rangi kwa usingizi wa huku kwetu kwenye joto. Pamba inanyonya jasho na kupitisha hewa, poliesta inalishikilia. Shuka la rangi nzuri ajabu lakini la poliesta litakuamsha saa 8 usiku umelowa mgongo, hapo hata pazia liwe ukuta wa zege.

Usisahau neti ya mbu. Ndiyo kitu cha kwanza unachokiona ukifumbua macho, iko sentimita chache kutoka usoni, na watu wanaichukua yoyote. Ukiwa na nafasi ya kuchagua chukua nyeupe, zile za bluu kali zinafanya asubuhi yako yote ionekane ya bluu, ukapange rangi zako halafu uzitazame kupitia bluu.

Hatua ya 7: Kutundika

Mwambie mwenye drili atumie fisha na skrubu za kutosha, pazia lenye bitana ni zito sana kuliko la zamani. Bomba likizidi kama mita 1 na nusu weka kishikilio cha katikati, lisipinde. Kwenye kona za chini shona ndani ya upindo kitu cha uzito, kipande cha mnyororo mwembamba wa aluminiamu kinafaa. Bibi yangu alikuwa anashonea sarafu, na ukilifua pazia doa la duara linabaki pale pale, kwa hiyo achana na sarafu.

Katikati pazia mbili zinapokutana ziachie zipishane sentimita 10. Kama kishikilio cha katikati kinazuia zisipishane, shona pazia moja pana linaloteleza upande mmoja, au bana kwa pini usiku.

Bitana mpya ya kupakwa ina harufu kama ya raba. Itundike kivulini nje siku 2 kabla ya kuiingiza chumbani.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza, tafuta mwanya wako

Nilikwambia ya kufumwa inatosha kwa mtu wa usiku. Sababu ni kwamba ukizuia mwanga wote mwili haupati taarifa kwamba kumekucha, alamu inakuvuta kutoka gizani na unakaa ukingoni mwa kitanda kama umepigwa. Fanya hivi: kabla ya kulala acha mwanya kwenye pazia upande ambao hauko usawa wa kichwa chako, upana wa vidole vinne, shela ikiwa imefungwa. Mwanya huo uangukie ukutani au miguuni, usiangukie usoni. Kama asubuhi unaamka mapema mno punguza viwe viwili, kama bado unaamshwa na alamu ongeza. Yule dada mwanya wake uliishia kuwa vidole vitatu upande wa kabati, kwa sababu upande mwingine ndiko iliko taa ya jirani.

Ukiamka tu fungua pazia lote, acha shela. Hapo ndipo kijani na krimu zako zinaanza kulipa.

Mambo yakienda kombo

*Nimeweka bitana nzuri lakini dari linang'aa usiku.* Mwanga unatoka juu ya bomba. Pandisha bomba, au kama huwezi kutoboa tena laza ubao mwembamba juu ya vishikilio kama kifuniko. Hata kitambaa kizito kilichoviringishwa juu ya bomba kinasaidia kwa muda.

*Mwanga unapita pembeni ya pazia.* Toboa kulabu ndogo ukutani kila upande karibu na ncha ya bomba, na ushone kitanzi kwenye ukingo wa pazia. Usiku unakivuta unakitundika, pazia linagusa ukuta. Velkro nayo inashika ila rangi ya ukuta ikiwa dhaifu inabanduka nayo.

*Pangaboi linapeperusha pazia na taa ya nje inawaka na kuzima machoni.* Ongeza uzito kwenye kona, na kama bado, punguza spidi au geuza kitanda. Usilifunge dirisha kabisa kwa ajili ya hili, utapata giza na joto, na joto litakushinda.

*Chumba kimekuwa kizito, kama pango.* Mara nyingi pazia na shuka vyote vimekolea. Usitupe pazia, ni ghali. Badilisha shuka kwanza, litandike lile jeupe la zamani nililokwambia ulitafute, ukae nalo siku 3. Chumba kikifunguka, sasa nenda kanunue shuka la krimu. Kisipofunguka basi shida ni pazia au ukuta.

*Mtoto anaogopa giza jipya.* Weka taa ndogo ya njano iliyofifia au nyekundu chini karibu na sakafu, isionekane moja kwa moja kutoka kitandani. Usiweke nyeupe wala bluu.

*Nyuma ya pazia kuna madoa meusi na harufu.* Hiyo ni ukungu wa unyevu, ipo sana vyumba vya chini na pwani. Pazia lisibaki limefungwa mchana kutwa, livute mpaka pembeni kabisa kila asubuhi kioo kipate hewa, na uangalie kama maji yanapita kwenye ukingo wa dirisha mvua ikinyesha. Kama yanapita, muite fundi wa madirisha kabla hujaniita mimi.

*Nimenunua tayari pazia lisilo na bitana, nifanyeje?* Usilitupe. Nunua bitana peke yake, kwa dirisha la Tabata ni zile mita 4, mpe fundi aishonee utepe, itundike nyuma kwa kulabu zile zile. Lile satini la damu ya mzee mwenyewe lipo mpaka leo, tulilitia bitana likahamia sebuleni, na wageni wanalisifia.